Uzito ukeni baada ya uzazi mwingi

"Nimezaa mara saba. Ikifika jioni nahisi uzito ukeni, na kuna kinyama laini kinachungulia. Ni uvimbe?"

Dada, kwanza angalia asubuhi kabla hujainuka kitandani. Kama kimerudi ndani, kisha kinashuka ukisimama au kukohoa, inaelekea ni kizazi au ukuta wa uke umeshuka. Misuli ya nyonga imelegea. Mara nyingi hakiumi sana, ni kama umekalia kimpira. Mkunga au daktari atakupima huku ukikohoa. Kikiwa bado kidogo, kubana misuli kama unayezuia haja, kila siku kwa miezi 3 au zaidi, hupunguza uzito. Kikitokeza nje kuna pete ya kuvaa ukeni, au upasuaji. Mkojo ukigoma kutoka, usingoje kesho.