Mwaka wa tafsiri na mwaka wa asili kwenye Zotero

"Natumia APA. Nimeandika 1958/1973 kwenye Date ya Shujaa Okonkwo, sasa mpangilio wa marejeleo umevurugika. Nifanyeje?"

Ndugu, Date ibebe mwaka mmoja tu, wa nakala uliyoisoma: 1973. Mwaka wa riwaya ya Achebe yenyewe, Things Fall Apart, uweke kwenye Extra, kwa mstari wake peke yake:

```
original-date: 1958
```

Mkwaju wa kutenganisha miaka hiyo miwili usiuandike wewe. Mtindo wa APA utauweka wenyewe, upate (Achebe, 1958/1973). Ukiwa pia na Arrow of God ya 1964, hiyo itatangulia kwenye orodha, kwa kuwa kinachopanga ni 1973. Ukiona Shujaa Okonkwo imekaa juu yake, basi 1958 bado imo kwenye Date. Mfasiri, Ndulute, mwingize kama Translator. Akibaki Author atageuka mtunzi mwenza.