Anza na sauti, picha zitafuata

"Nina saa 6 za video ya harusi, wanataka filamu ya dakika 5. Nianzie wapi?"

Mkuu, anzia kwenye sauti. Kabla ya kupanga picha, sikiliza viapo vya kanisani na nasaha za wazazi ukumbini, uchague sentensi chache zinazoeleweka zenyewe. Tuseme baba wa bibi harusi kaongea dakika 10. Salamu na shukrani kwa kamati ziache. Chukua pale anapomwita binti kwa jina la utotoni, sauti ikamkwama. Ule ukimya usiukate hata kidogo. Uache sekunde 2 au 3, na muziki ushushe hapo. Juu ya maneno yake weka uso wa binti akisikiliza, na uwe wa wakati uleule, maana familia hugundua haraka machozi yaliyohamishwa kutoka kwingine.

Sauti zikishakaa, ndipo ujaze picha. Msafara wa magari, keki na foleni ya zawadi, sekunde chache zinatosha. Kisha itazame yote bila muziki. Kipande kisichokugusa hapo kilikuwa kinabebwa na wimbo tu, kitoe.