Barua kwa mwanangu: pesa ya Neema isubiri simu

«Baba, Neema ameniandikia kwenye WhatsApp, anaomba nimkopeshe shilingi 250,000 mpaka jioni, nizitume kwa namba nyingine kwa kuwa laini yake ya M-Pesa imefungwa. Nimpigie hukohuko WhatsApp nihakikishe ni yeye, au nimtumie tu?»

Mwanangu Zuhura,

Usitume kwanza, na usimpigie hukohuko. Funga WhatsApp, fungua sehemu ya simu za kawaida, kisha piga ile namba ya Neema uliyoihifadhi siku zote.

Wizi huu kwa kawaida huanza na tarakimu sita. Mwizi huandika namba ya Neema kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe, nayo WhatsApp hutuma ujumbe mfupi wenye tarakimu hizo kwa Neema. Kisha mwizi, akitumia akaunti ya rafiki aliyekwisha kuibiwa, humwandikia kwamba namba fulani imemfikia kwa bahati mbaya, na kumwomba airudishe. Akiirudisha tu, akaunti huhamia kwa mwizi. Laini yenyewe haikuhama, bado imo ndani ya simu ya Neema. Kwa hiyo ukipiga simu ya kawaida utampata Neema, ilhali ukipiga kwa WhatsApp itaita mkononi mwa mwizi, ambaye ataikata na kukuandikia kwamba yuko kikaoni au spika imeharibika.

Nimeitazama picha ya mazungumzo uliyoniletea. Neema amekuita shoga tangu mko sekondari, lakini hapo anakuita «dada yangu mpendwa», na ulipomuuliza habari za mtoto alijibu «salama» kisha akarudi palepale kwenye pesa. Hiyo ni dalili, lakini si ushahidi, kwa sababu mtu mwenye shida huweza kuandika kwa haraka na kwa namna asiyoizoea. Jambo lililonitia shaka zaidi ni namba ya kupokelea. Ukiiingiza kwenye M-Pesa, jina la aliyesajili laini hiyo hutokea kabla hujaweka namba yako ya siri. Wewe umeona jina la mwanamume usiyemjua, naye akakueleza kwamba ni wakala. Wakala hupokea pesa kwa njia yake, kwa namba ya wakala, wala hatumiwi kama mtu binafsi.

Neema asipopokea, mtafute mumewe au mama yake kwa simu, na mkopo usubiri. Simu yake ikiwa imezimwa kabisa usichukulie kwamba maelezo ya kwenye WhatsApp ni ya kweli, kwani wapo wezi wanaofanikiwa kuisajili upya laini ya mtu kwenye kadi nyingine, na hapo hata simu ya kawaida hupokelewa na mwizi. Ndiyo maana, hata akipokea mtu, muulize jambo ambalo ninyi wawili mnalijua na ambalo hamkuwahi kuliandika popote: nani aliwapikia siku ile mliyokwama Korogwe, kwa mfano. Nasema hamkuwahi kuliandika kwa sababu mwizi aliyeiunganisha WhatsApp ya Neema na kompyuta yake, au aliyepata nywila yake ya Facebook, husoma mazungumzo yenu ya zamani na kujua hata majina mnayoitana. Ujumbe wa sauti pia usikuridhishe, kwani ule wa zamani unaweza kutumwa tena kama mpya.

Ukimpata Neema na akashangaa, mwambie aingize upya namba yake kwenye WhatsApp ya simu yake na kuandika tarakimu sita zitakazomjia kwa ujumbe mfupi. Papo hapo mwizi hutolewa nje. Mwizi akiwa ameweka namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, Neema atalazimika kusubiri siku 7 ndipo aitumie tena akaunti yake, lakini katika siku hizo mwizi naye hayumo. Akirejea, aondoe kila kifaa asichokitambua kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha aweke namba ya siri yake mwenyewe. Wakati huo wewe waarifu wenzenu wa kikoba kwa simu, maana ombi kama lako huenda limewafikia wengi asubuhi hiihii, na namba ile ya kupokelea itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ndiyo namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Yeyote aliyekwisha kutuma apige huduma kwa wateja ya mtandao wake bila kuchelewa, kwani pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Na kama ni kweli Neema ana shida, mpe, ila kwa namba yake mwenyewe au utakayotajiwa na sauti yake simuni, na jina litakalotokea lilingane na alilokutajia.

Baba yako