Pikipiki ya 3M nalipa 3.6M, si riba hiyo?

"Niko Moshi, benki inanipa pikipiki ya milioni 3 kwa murabaha, nalipa 3.6 kwa mwaka, si riba tu imebadilishwa jina?"

Inategemea nani kanunua dukani kaka. Kwenye murabaha benki inatakiwa inunue kwanza, iingie kwenye vitabu vyake kama stoku ya milioni 3, ikiibwa kabla hujauziwa hasara ni yao, ndo wanakuuzia 3.6 na stoku inageuka deni lako, ile laki 6 inahamia kwenye mapato yao kidogo kidogo kadiri muda unavyoenda. Ukichelewa kulipa bei haipandi, faini ikiwepo inaenda sadaka. Ila kama wamekuwekea hela kwenye akaunti yako ufanye unachotaka na risiti ya duka hakuna, mkopo huo, na ile laki 6 ni riba!