Tulikaa kikao tukapanga bei ya bati

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza saruji na bati Lindi mjini aliniandikia: "Shikamoo kaka. Wenye maduka hapa wameniingiza kwenye kundi la WhatsApp, wanataka kuanzia mwezi ujao sote tuuze bei moja. Wanasema nikikataa nitaonekana adui. Nifanye nini?"

Marahaba dada. Nimesoma ujumbe wako mara tatu na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu mwaka 2017 mimi nilikuwa ndani ya kundi kama hilo, nikiwa na duka la vifaa vya ujenzi Newala. Nilisaini. Acha nikueleze yote.

Wanaotoka kwetu wanaujua msimu ule. Korosho mnadani ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Mkulima aliyezoea kulipwa hela ya daftari za shule na deni la dukani alijikuta na milioni kadhaa kwenye akaunti, na jambo la kwanza Mmakonde anapopata hela ya korosho ni kung'oa nyasi aezeke bati. Kuanzia Novemba watu walikuwa wanapanga foleni dukani kwangu saa moja asubuhi.

Tulikuwa maduka saba. Bati la geji 30 la mita tatu lilikuwa likinifikia kwa shilingi 16,000, usafiri ndani, na sote tuliliuza kama 19,000. Hapo hapakuwa na kikao chochote. Tulinunua sehemu zilezile, tukasafirisha kwa malori yaleyale, na mteja alikuwa anavuka barabara kuulizia kwa jirani, kwa hiyo bei zilifanana zenyewe. Nalisema hili mapema maana wengi wakiona bei zinafanana wanapiga kelele za njama. Njama ina dalili zake, nitazifikia.

Jioni moja mwenzetu mmoja alituita nyuma ya duka lake. Chai na mihogo ya kuchemsha mezani. Akasema, wakulima safari hii wana hela, kwa nini tunagombania faida ya elfu tatu? Tuuze 23,000 sote. Atakayeshuka atalipa faini ya laki tano, na kila mmoja aweke laki tano hizo kwa mweka hazina kama dhamana. Tuliandika majina kwenye daftari la kaunta, tukasaini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu mwaka huu tunamaliza nyumba. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa nikupe hesabu, kwa sababu wanaokushawishi watakuonyesha mstari wake wa kwanza tu. Kabla ya kikao maduka saba yalikuwa yakitoa bati kama 1,400 kwa mwezi, 200 kila duka. Faida ya 3,000 mara 200 ni laki sita. Bei ilipopanda hadi 23,000 wateja hawakubaki walewale. Wengine waliahirisha, wengine wakapunguza vyumba, na mauzo yetu sote yakashuka hadi bati 1,120, yaani 160 kila duka. Lakini kila bati sasa lilikuwa na faida ya 7,000, hivyo nilipata 1,120,000. Kwa mwezi mmoja nilikaribia kuongeza faida mara mbili, na kazi ilikuwa pungufu.

Geuza daftari upande wa mnunuzi. Bati 1,120 zilinunuliwa kila moja kwa nyongeza ya 4,000, jumla 4,480,000 zilizotoka mifukoni mwa watu. Sisi saba faida yetu iliongezeka kwa 3,640,000 tu. Zile 840,000 zilizobaki hazikuingia kwa mtu yeyote. Ni faida ya bati 280 ambazo hazikuuzwa tena. Na nyuma ya kila bati lililobaki stoo kulikuwa na chumba kilichobaki na nyasi, hasara ambayo hesabu hii haijaigusa hata kidogo.

Chumba kimoja nakijua. Mzee mmoja kutoka njia ya Kitangari alikuja na karatasi ya fundi wake: bati 40, kofia nane za paa, misumari kilo sita. Alikuwa amefunga 760,000 kwenye kitambaa cha kanga kwa ajili ya bati peke yake. Nikamtajia 23,000. Alikaa kwenye ndoo ya rangi pale mlangoni, akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mwanangu, kiwandani wamepandisha?" Nikamjibu ndiyo. Nilimdanganya mtu wa umri wa baba yangu nikimtazama usoni. Akachukua bati 33, akasema jikoni na chumba cha wajukuu watasubiri mwakani. Nilimsaidia kupakia kwenye guta.

Makubaliano yetu yalidumu wiki saba. Dada, soma hapa taratibu, maana ndipo wote wanapojidanganya. Bei ikishapandishwa kwa pamoja, kila aliyemo anapata sababu kubwa kuliko zamani ya kuivunja peke yake. Faida ilipokuwa 3,000, kumpunguzia mteja 1,500 kulikuwa kunaniumiza. Faida ikiwa 7,000, nikitoa 1,500 kimyakimya bado nabaki na 5,500, na wateja wa wenzangu wanahamia kwangu. Mtu akiuza bati 360 kwa faida hiyo anapata 1,980,000, wakati waaminifu sita wameshuka hadi bati 127 hivi kila mmoja. Uaminifu ndiyo unakuwa hasara. Na kadiri mnavyoipandisha bei zaidi, ndivyo kishawishi kinavyokua.

Hakuna aliyethubutu kubandika bei ya chini ukutani. Waliovunja makubaliano walipita kwa mafundi. Kwetu mteja hanunui bati bila fundi wake, na fundi alikuwa na chake, shilingi 500 kwa kila bati. Nikaanza kuona mafundi niliowazoea wanapita mbele ya duka langu bila kusalimia. Duka moja lilikuwa limewapandishia hadi 2,000, na fundi anagawana na mteja pembeni. Risiti inaandikwa 23,000 kama tulivyosaini. Duka jingine likatoa misumari na kofia bure. La tatu lilifanya kitu kibaya zaidi: liliuza geji 32 kwa jina la geji 30. Kwenye geji namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nililijua pale mteja aliporudi na bati limekunjika kama karatasi fundi alipolikanyaga, nikaliweka kwenye mizani pamoja na la kwangu la urefu uleule, likawa jepesi waziwazi.

Tukaitana kikao. Kila mtu alikana. Nani angehukumu? Bei ya ukutani ilikuwa ileile, punguzo lilikuwa mfukoni mwa fundi. Tukatuma vijana wajifanye wateja, lakini Newala ni mji mdogo, kijana wa duka la nani anajulikana. Mwenzetu mmoja alipoambiwa alipe faini akacheka, akasema nendeni mahakamani. Tungeenda kusema nini? Tulikubaliana kuwaumiza wateja, na huyu amekataa kuwaumiza ipasavyo? Mweka hazina naye alisema laki tano zangu zilitumika. Hadi leo sijaziona, na mtu yule tulikuwa tunaswali safu moja.

Kilichotumaliza kabisa ni lori kutoka Masasi. Mfanyabiashara wa kule alisikia Newala bati ni 23,000, akapakia, akaegesha karibu na soko, akauza 19,500. Bei yetu wenyewe ndiyo iliyomwita. Ndani ya siku nne sote tulikuwa tunauza 18,000, na mimi nilikuwa nimeagiza mzigo mkubwa kwa mkopo nikiamini ile 23,000 itadumu.

Usidhani sisi tulishindwa kwa sababu ni wadogo. Nchi za OPEC, zenye mafuta na mawaziri na makao makuu Vienna, zilipangiana viwango vya kuzalisha kuanzia 1982 ili bei isishuke. Kadhaa zikawa zinazidisha kimyakimya, na Saudi Arabia ikawa inapunguza ya kwake kufidia, kutoka karibu mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1981 hadi chini ya milioni 4 mwaka 1985. Ikachoka, ikafungulia mabomba. Katikati ya 1986 pipa lilikuwa limeanguka kutoka zaidi ya dola 25 hadi karibu dola 10. Pale nako mwaminifu ndiye aliyebeba mzigo.

Yako makubaliano yanayodumu miaka, sikatai. Ni pale wauzaji wanapokuwa wachache sana, bidhaa ni ileile, kila mmoja anaona mauzo ya mwenzake, na mgeni hawezi kuingia. Duka la bati haliwezi kuona mauzo ya kweli ya jirani, wala kumzuia mgeni. Barabara iko wazi.

Na sheria ipo. Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, kususia mtu kwa pamoja, na kupangana kwenye zabuni. Haijali kama mliandikiana au mlinong'onezana. Tume ya Ushindani inaweza kutoza faini inayofika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Nasema mauzo, siyo faida. Kwa duka linalobakiza shilingi kumi na tano katika kila mia, hiyo ni sehemu kubwa ya jasho la mwaka mzima. Sisi tulikuwa hata hatujui kuna sheria, na ile saini yangu kwenye daftari ingetosha kunifunga mdomo.

Kwa hiyo dada, toka kwenye kundi hilo, na kabla hujatoka andika humo kwamba hukubali, ili ibaki kumbukumbu. Ukinyamaza ukabaki unasoma, utahesabiwa umo. Wakikuita mkodi lori moja la kutoka Dar ili nauli ishuke, hilo ni jambo jingine, nenda, ila mazungumzo yakigeukia bei ya kuuzia nyanyuka. Wakitishia kuwaambia mawakala wasikuuzie, tunza ujumbe huo, ni ushahidi. Na wewe mnunuzi unayesoma hapa, dalili nilizoahidi ni hizi: bei inaruka siku moja kwenye maduka yote wakati ya kiwandani haijagusika, kila muuzaji anakupa sababu ileile kwa maneno yaleyale, na anayeombwa punguzo anasema "siruhusiwi" ilhali duka ni lake. Uliza aliye mji wa jirani, na bati lipime kwenye mizani.

Yule mzee nilimfuata Februari, bei ikiwa imeshuka, nikiwa na bati saba juu ya guta. Nikamwambia kiwandani hawakuwa wamepandisha. Alinitazama kitambo, akasema, "Nilijua, mwanangu. Mkwe wangu alinunua Masasi." Akamwita mjukuu wake aje kushika ngazi.