Kata kazi pale penye kitu cha kuhesabu

Mimi ni karani wa kikundi cha akina mama tisa wanaouza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wanunuzi wetu wawili wanakaa visiwani, mmoja Ukerewe na mwingine Ukara, na kila wanachonunua, kupakia au kulipia wanakiandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Jumamosi saa sita usiku tunafunga wiki. Jumatatu asubuhi nasoma ripoti mbele ya wanachama wote, nao hugawana kilichopatikana kwa kufuata kilichoandikwa humo.

Nilipoanza kutumia akili mnemba, nilichukua ujumbe wote wa wiki, nikaubandika, nikaandika agizo moja: nitengenezee ripoti ya manunuzi na gharama. Ilitoka ripoti safi, yenye vichwa vya habari na jumla chini. Niliisoma Jumatatu. Nilipomaliza, mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye mimi humwamkia shikamoo kila asubuhi, alifungua daftari lake akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, fedha niliyotoa inazidi ya kwako kwa elfu arobaini na tisa na mia tano. Hiyo imekwenda wapi?” Wenzake wote wakamgeukia yeye, hawakunigeukia mimi. Jambo hilo bado linaniuma.

Kosa nililipata baada ya saa mbili za kupekua. Mnunuzi wa Ukara alikuwa ameandika hivi: “Nmechukua gunia 30 kwa 95, nauli ya boti laki na nusu imelipwa.” Kila mtu Mwaloni anajua laki na nusu ni 150,000. Programu ilikuwa imeihesabu kama 100,500. Tofauti yake ni 49,500 kamili. Kwenye ripoti, ile 100,500 haikuonekana popote, kwa kuwa ilikuwa imeshajumlishwa na nauli nyingine. Agizo lilikuwa moja, na ndani yake kulikuwa na kazi nne: kusoma ujumbe, kuelewa tarakimu, kujumlisha na kuandika. Kosa la kazi ya pili lilifunikwa na kazi ya tatu, na ya nne ikalipamba.

Nikaamua kuikata kazi. Mara ya kwanza niliikata vibaya, na nalieleza hili kwa sababu watu wengi huanzia hapo hapo. Niliigawa kwa sura za ripoti: agizo la manunuzi, agizo la gharama, agizo la hitimisho. Hakuna kilichobadilika. Kila agizo lilirudi kusoma ujumbe wote upya na kubahatisha upya, na safari moja nauli ilitoka tofauti katika sura mbili. Nilikuwa nimegawa karatasi, kazi yenyewe ikabaki vile vile. Siku hizi nakata pale tu ambapo kinachotoka kinaweza kuhesabiwa au kulinganishwa na kitu kilicho nje ya programu. Kama baada ya hatua sina cha kuhesabu, najua sijafika mahali pa kukata.

Kabla ya agizo la kwanza napakua ujumbe wa wiki kutoka WhatsApp kama faili la maandishi, nafuta majina na namba za simu, wanunuzi nawaita MN1 na MN2, halafu naupa kila ujumbe namba. Wiki ninayoitolea mfano ilikuwa na ujumbe 46. Namba hizi ndizo kamba inayoshikilia kazi yote mpaka mwisho.

Agizo la kwanza linanakili tu:

```
Hapa chini kuna ujumbe 46 wenye namba.
Kwa kila ujumbe, toa kila tukio la kununua,
kupakia au kulipa. Mstari mmoja, tukio moja.
Safu: namba ya ujumbe | muda wa simu | mtumaji | maneno yenyewe.
Nakili maneno kama yalivyo. Usibadilishe
tarakimu wala saa. Ujumbe usio na tukio: HAKUNA.
```

Neno HAKUNA lina kazi kubwa. Bila hilo, ujumbe wa salamu na ujumbe uliorukwa vinafanana: vyote havionekani. Likiwepo, lazima nione namba zote kuanzia 1 hadi 46, na ikikosekana hata moja najua imerukwa. Ujumbe unaporukwa, mara nyingi ni ule wa katikati ya orodha ndefu. Kwa hiyo ujumbe ukizidi hamsini hivi naugawa mafungu mawili. Baada ya kuhesabu namba, nachagua mistari mitano bila mpangilio, nanakili maneno yake, nayatafuta kwenye faili la awali kwa Ctrl+F. Yasipopatikana neno kwa neno, basi programu imeanza kuandika ya kwake, na hatua inarudiwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye hatari, nami huitumia muda mwingi kuliko zote. Naanza mazungumzo mapya kabisa, nabandika jedwali la hatua ya kwanza pekee, kisha naagiza hivi:

```
Ongeza safu: aina | idadi | bei | kiasi | tarehe na saa.
Acha safu ya maneno ilivyo.
Laki na nusu = 150000. Bei "95" = 95000.
Saa ni za Kiswahili: saa nane usiku = 02:00.
Pasipoeleweka andika ULIZA. Usikisie.
```

Hiyo kanuni ya saa niliilipia. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2025, siku ya Jumapili, MN2 aliandika kwamba gunia 22 zimepakiwa “sa nane usku”. Programu iliisoma saa nane kama saa nane ya Kiingereza, ikaandika 20:00 ya Jumamosi. Mzigo ambao ulikuwa wa wiki mpya ukaingia kwenye wiki tunayoifunga. Mtu aliyekulia hapa hawezi kukosea hapo, lakini programu imefunzwa kwa maandishi mengi ambayo siku yake inaanza usiku wa manane, wakati saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ukaguzi wake nimeupata kwenye ujumbe wenyewe: WhatsApp inaandika muda wa simu mbele ya kila ujumbe. Ujumbe ule ulikuwa na 02:10. Basi kila penye saa nalinganisha saa iliyotafsiriwa na muda wa simu, na zikipishana kwa saa sita nzima najua ni kosa lile lile. Siku hizi safu ya muda wa simu naibeba tangu hatua ya kwanza.

Kwa tarakimu hakuna njia ya mkato. Safu ya maneno iko pembeni ya safu ya kiasi, nasoma mstari kwa mstari, jicho huku na huku. Mistari sitini inanichukua dakika kumi. Penye idadi, bei na jumla, nazidisha: gunia 30 kwa 95,000 lazima ziwe 2,850,000.

Halafu nahesabu ULIZA. Wanunuzi wetu wanaandika usiku, kwenye boti, kwa kidole gumba kimoja. Wiki ya kawaida huwa na ULIZA tatu au nne. Jedwali likija bila hata moja siamini, maana hapo imebahatisha. Zikiwa kumi na tano, basi agizo langu ndilo lina upungufu, naongeza kanuni na kurudia hatua hiyo peke yake. ULIZA iliyobaki naipigia simu kisiwani.

Kitu kimoja sifanyi tena ni kuandika “una uhakika?”. Nilikuwa nikifanya hivyo kama ukaguzi, na mara kadhaa programu iliomba radhi ikabadilisha jibu lililokuwa sahihi. Swali lile halina ushahidi wowote ndani yake, kwa hiyo linaijibu hofu yangu tu. Ukaguzi wangu wote sasa unatoka nje: idadi ya ujumbe, muda wa simu, kuzidisha, daftari.

Hatua ya tatu, ya kujumlisha, siipi programu ya akili mnemba hata kidogo. Jedwali linaingia Excel. Hapo napo kuna mtego: Excel ikijumlisha inaruka kimya kimya seli yenye maneno, pamoja na tarakimu zilizobandikwa kama maandishi. Kwa hiyo kabla ya jumla naweka mistari miwili:

```
=COUNTIF(H:H,"ULIZA")
=COUNT(H2:H61)
```

Ya kwanza lazima itoe sifuri. Ya pili lazima iwe sawa na idadi ya mistari yenye fedha. Ndipo nafanya `=SUMIF(E:E,"nauli",H:H)` na zake nyingine, kisha nakwenda kwa mweka hazina kabla ya Jumatatu, tunalinganisha na daftari lake tukiwa wawili. Zikitofautiana, tunafuata namba ya ujumbe mpaka kwenye maneno ya mnunuzi. Siku hizi inachukua dakika mbili au tatu.

Agizo la nne linaandika ripoti, na linapewa jedwali la jumla tu. Ujumbe wa awali hauonyeshwi tena, isije ikachota tarakimu huko. Ukaguzi ni mwepesi: kila tarakimu kwenye ripoti naipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuitafuta kwenye jedwali. Ile isiyokuwemo inafutwa. Pia natafuta maneno “kutokana na” na “kwa sababu”. Ripoti moja ilisema manunuzi yalipungua kutokana na hali mbaya ya ziwa. Ziwa lilikuwa shwari wiki ile. Manunuzi yalipungua kwa kuwa MN1 alikuwa msibani.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiunganishe hatua zote zijiendeshe zenyewe. Chukua mfano wa hesabu: kama kila hatua inapatia mara 95 kati ya 100, hatua nne mfululizo zitapatia zote mara 81 hivi tu. Kukata kazi bila kukagua katikati kunaongeza sehemu za kukosea. Na kukagua kuna gharama yake, ndiyo maana sikati vipande kumi na mbili, wala barua ya kuomba nafasi ya meza sokoni siikati kabisa: naisoma yote kwa dakika moja na kosa linaonekana.

Jumapili iliyopita zilibaki ULIZA mbili. Moja ilikuwa “gunia 8 na nusu ile ya juzi”. Nikampigia MN1, akacheka, akasema, “Dada, hiyo nusu ni ndoo tatu alizotudai yule mzee wa Ukara, si gunia.” Nikaandika ndoo 3 kwenye mstari wa 29, nikafunga wiki.