Karani Ameondoka? Usifute Akaunti Yake

Juzi kijana mmoja anayeshughulikia kompyuta katika ofisi ya hapa Tanga alinitumia ujumbe. Karani wa malipo aliacha kazi, bosi akaagiza akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo, naye akaifuta. Baadaye karani akarudishwa kazini. Kijana akamfungulia akaunti mpya kwenye Active Directory, mfumo wa Windows unaosimamia akaunti za ofisi nzima, kwa jina lilelile, karani01, lakini folda za zamani zikamkatalia. "Kaka, jina ni lilelile, mbona mashine haimtambui?"

Mdogo wangu, mashine haijali jina. Kila akaunti inapozaliwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ruhusa za folda huandikwa kwa namba hiyo. Akaunti mpya ina namba mpya. Bofya folda ile ya malipo, nenda Properties kisha Security: palipokuwa na jina la karani sasa utaona "Account Unknown" na hiyo namba. Ruhusa bado ipo, mwenyewe ndiye hayupo.

Hili nalijua kwa machungu. Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani, karibu na bandari, mtunza ghala aligombana na uongozi akaondoka. Meneja akanitaka nifute kila kitu chake. Nilikataa, nikaifunga tu akaunti. Nilisemwa kikaoni mbele ya watu kwamba nakaidi amri. Ugomvi ulipokwisha, mama wa watu akarudi. Nikamfungulia, akakuta folda, makundi na barua zake vilevile. Hakuna aliyeniambia ahsante, na mpaka leo linaniuma. Ila kazi niliifanya sawasawa.

Kufunga ni amri moja tu kwenye PowerShell:

```
Disable-ADAccount -Identity karani01
```

Ukipenda kubofya, ni Disable Account, na picha ya mtumiaji itawekwa mshale mdogo unaoelekea chini. Baada ya hapo badili nywila, kisha ihamishie akaunti kwenye sehemu uliyoitenga kwa walioondoka, ili isichanganyike na za walio kazini. Ukitaka kumtoa kwenye makundi, andika kwanza alikuwa kwenye yapi, ukishamtoa hutakumbuka.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi hujidanganya. Kufunga akaunti hakumtoi papo hapo aliyekwisha kuingia. Tiketi, yaani kibali ambacho kompyuta yake ilipewa cha kufikia seva ya mafaili, kwa mpangilio wa kawaida, inaweza kudumu kwa muda wa hadi masaa 10. Na laptopu iliyo nje ya mtandao wa ofisi huwa imehifadhi kumbukumbu ya nywila, kwa hiyo ataifungua nyumbani kwake kama kawaida na kusoma mafaili yaliyomo. Ndiyo maana namwambia kila afisa utumishi: laptopu irudishwe kabla mtu hajaaga, na mimi niarifiwe kabla ya kikao cha kumwachisha. Akaunti ifungwe yeye akiwa kikaoni, kompyuta yake izimwe.

Kwako wewe uliyekwisha kufuta, bado kuna mlango mmoja, kama ofisi yenu ilishawasha Recycle Bin ya Active Directory kabla ya kufuta. Akaunti iliyofutwa hurudi na namba yake ya awali pamoja na makundi yake, ila ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 180. Kwanza badilisha jina la ile mpya ili majina yasigongane, kisha itafute ya zamani:

```
Get-ADObject -Filter 'sAMAccountName -eq "karani01"' -IncludeDeletedObjects
```

Ukiiona, irudishe kwa Restore-ADObject. Kama Recycle Bin haikuwashwa, njia rahisi iliyobaki ni kuipa akaunti mpya ruhusa upya, folda moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Kwa nini karani alipewa ruhusa kwa jina lake? Tengeneza kundi, tuseme Malipo-Kuandika, lipe ruhusa ya folda, kisha umwingize karani kundini. Akaunti ikibadilika, unamwingiza mpya na shughuli imekwisha. Mwajiriwa mpya naye usimnakilie akaunti ya mzee wa ofisi kwa Copy. Utambebesha makundi yote aliyopitia mzee huyo tangu ghala hadi malipo, na mgeni wa mapokezi atajikuta anasoma mishahara. Muulize bosi wake anafanya kazi gani, umpe makundi ya kazi hiyo tu. Ukimwingiza kundini akakwambia bado folda inagoma, mwambie atoke kwenye Windows aingie upya, kwa sababu orodha ya makundi yake husomwa anapoingia.